Mkono Niliouweka Begani

Mkwe wangu alinivunja mkono na kunipasua kichwa, na mimi ndiye niliyekataa aitwe mwendawazimu. Nalisema hilo mwanzoni kwa sababu mpaka leo wako watu kanisani wanaosema nilikosa shukrani. Waliniombea hospitalini, waliniletea uji, waliandika hata barua ya kumwombea kijana huruma, kisha nikasimama mbele ya hakimu nikaikana barua yao. Ni kweli, niliikana. Namshukuru Mungu kwa uji na kwa maombi. Barua ningeikana tena kesho.

Kanisa letu lina desturi moja. Muumini akikosa ibada Jumapili tatu mfululizo, wazee humwendea nyumbani. Hatumpigii simu wala hatumtumii mtu. Tunatoka ibadani moja kwa moja mpaka kwake, tunaimba ubeti mmoja, tunamwombea, tunamuuliza kinachomzuia. Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi kuliko mzee mwingine yeyote pale, na nilikuwa naringa nayo kidogo.

Jumapili ile zamu ilikuwa ya nyumba ya binti yangu, katika mtaa wa Obunga. Mumewe ni mlinzi wa geti mjini. Analinda usiku, analala mchana, na Jumapili tatu zilikuwa zimepita bila kuonekana. Nilikwenda na mama mmoja wa kanisa, mjane wa makamo, mwimbaji hodari. Tulimkuta binti yangu nje akikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishaondolewa. Moshi ulikuwa umemjaa machoni.

"Baba, amelala," alisema kabla hata ya kunisalimu. "Amefanya zamu nne mfululizo. Mwenzake amekwenda mazishi, kwa hiyo na mchana wa jana alisimama yeye getini. Hana hata saa moja tangu afumbe macho. Muacheni, mrudi jioni."

"Tutamwombea hata akiwa amelala," nikamwambia. "Mungu haangalii saa."

"Mungu haangalii, lakini yeye anaangalia. Usiku anarudi kazini."

Yule mama wa kanisa akacheka. Mimi sikucheka. Niliingia.

Nyumba yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa na pazia. Huku viti vitatu na meza, kule kitanda. Karibu na pazia, kwenye msumari ukutani, lilining'inia rungu lake la kazi. Tuliketi, tukaimba. Tukamaliza ubeti. Kule nyuma ya pazia mtu alikuwa akikoroma kama hakuna wimbo ulioimbwa. Tukaimba ubeti wa pili kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea kukoroma.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo Mjaluo yeyote analijua bila kuambiwa. Mkwe kwetu ni mtu wa heshima nzito. Tunaitana "ora", na neno hilo linakuja na umbali wake. Baba wa mke hakanyagi mahali anapolala mkwe wake. Hakitazami hata kitanda chake. Mimi nilikuwa nimewaambia vijana wa kanisa mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya zamani, kwamba ndani ya Kristo hakuna pazia. Kwa hiyo niliinuka, nikalisukuma pazia, nikaingia. Nilimkuta amelala chali na viatu miguuni. Nikamshika bega, nikamtikisa. Hakuamka. Nikainama, nikamtikisa tena kwa nguvu.

Aliamka kama mtu aliyeitwa na bosi wake. Macho yalikuwa wazi, yakinitazama, na nakuambia hayakuniona. Nimetazamwa na watu wengi katika maisha yangu, wakiwemo waliokuwa wakikata roho, na sijawahi kutazamwa namna ile. "Simama hapo," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Toka kwa geti." Nilirudi nyuma kupita pazia. Miwani ilikuwa imenidondoka kando ya kitanda. Alinifuata, akatoa rungu msumarini, nami nikainua mkono wa kulia kujikinga. Pigo la kwanza lilivunja mkono. La pili lilinipata juu ya sikio.

Yule mama alipiga ukelele uliofika barabarani. Mkwe wangu hakumgeukia. Alisema, "Geti imefungwa," akalirudisha rungu kwenye msumari, akarudi kitandani. Majirani walipoingia walimkuta amelala. Walimkokota nje, wakaanza kumpiga, na hapo ndipo alipoamka kweli. Mimi nilikuwa chini, damu ikiniingia jichoni, lakini nilimsikia vizuri akiuliza huku akipigwa, "Ni nani amempiga Mzee? Ni nani?"

Afisa wa polisi alikuja kuandika taarifa yangu wodini siku ya pili, mkwe wangu akiwa ameshawekwa ndani. Akaniuliza nilikuwa wapi nilipopigwa. Nikasema nilikuwa nimeketi kitini.

Sikupanga kusema uongo. Ulitoka wenyewe. Mtu mzima, mzee wa kanisa, nitamwambiaje kijana yule wa polisi, naye Mjaluo kama mimi, kwamba niliingia alipolala mkwe wangu na kumshika mwilini? Mimi niliyekuwa nikiyacheka mambo ya zamani, mambo ya zamani yalinikuta kitandani na kunifunga mdomo. Afisa aliandika: mlalamishi akiwa ameketi, mshtakiwa alitoka nyuma ya pazia, akachukua rungu, akampiga. Nikatia kidole gumba cha kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa ndani ya plasta.

Wiki hiyo hiyo kamati ya kanisa ilileta barua. Ilikuwa imeandikwa kwa upendo, sina shaka. Ilisema mtoto wetu huyu amesumbuliwa na ugonjwa wa akili na roho za usiku tangu utotoni, kwamba hakuwa na akili timamu alipotenda, na kwamba kanisa linaiomba serikali imhurumie. Mwenyekiti wa kamati alinisomea kwa sauti. Nikamuuliza, "Ugonjwa wa akili umetoka wapi?"

"Binti yako mwenyewe alisema aliwahi kutembea usingizini akiwa mdogo."

"Kutembea usingizini ni wazimu?"

"Mzee, unataka afungwe au unataka asaidiwe? Tia kidole."

Nikatia. Barua ikapigwa muhuri, ikapelekwa kwa kiongozi wa mashtaka.

Nilidhani kesi ni yangu, kwa hiyo nikipata nafuu nitaifuta. Nilikwenda nikiwa na bandeji kichwani kuomba ifutwe, nikaambiwa kwa adabu kwamba kosa lenyewe ni kusababisha madhara mabaya mwilini, kosa kubwa ambalo mtu anaweza kufungwa maisha, na kwamba mlalamishi hana uwezo wa kulifunga jalada kwa sababu amesamehe. Kesi ilikuwa ya Jamhuri. Mimi nilikuwa shahidi.

Siku ya kusomewa mashtaka, kiongozi wa mashtaka alitoa barua yetu. Hakimu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliisoma mara mbili. Kisha akaamuru kwamba kabla ya mshtakiwa kujibu lolote, apelekwe apimwe akili. Mkwe wangu alirudishwa rumande kungoja zamu ya daktari. Wiki mbili zikawa sita. Daktari aliandika kwamba yuko timamu na anaweza kujibu kesi, ndipo akakana mashtaka na kupewa bondi. Wiki hizo sita zilikuwa zawadi ya barua ya huruma.

Lakini barua haikuwa imemaliza kazi yake. Siku hiyo ya bondi, kwenye veranda ya mahakama, nilimfuata wakili wake, msichana mwembamba mwenye mkoba mkubwa kuliko yeye. Binti yangu alikuwa pembeni yake.

"Mzee," wakili alisema, "wewe ni shahidi wa upande ule. Siwezi kukufundisha la kusema, na usinieleze utakachosema."

"Sitaki kufundishwa. Nataka kujua sheria inasemaje. Hiyo nayo ni siri?"

Akacheka. "Sheria si siri." Akaweka mkoba chini. "Kuna milango miwili. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha tisa, inasema mtu hana hatia kwa tendo lililotokea bila utashi wake. Mkono ulitembea, yeye hakuwepo. Mahakama ikikubali hivyo, anakwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Kifungu cha kumi na mbili ni mlango mwingine. Huyo ni mtu ambaye ugonjwa ulioathiri akili yake ulimfanya asijue anachotenda, au asijue kwamba ni kosa."

"Huyo naye anakwenda nyumbani?"

"Hapana, Mzee. Huyo mahakama inaandika kwamba alitenda kosa lakini alikuwa na wazimu. Anabaki kizuizini kungoja amri ya Rais. Haambiwi ni miaka mingapi. Wako majaji wa Mahakama Kuu waliosema kuzuiliwa bila mwisho namna hiyo hakupatani na Katiba, lakini ningekuwa nakudanganya nikisema watu hawakai humo muda mrefu."

"Na usingizi uko mlango gani?"

"Hapo ndipo tunapogombania. Mahakama za Uingereza zimewahi kusema kutembea usingizini ni ugonjwa wa akili, kwa sababu chanzo kiko ndani ya mtu na kinaweza kurudi. Za Kanada zilikubali kwamba mtu kama huyo aachiliwe. Hapa kwetu zote ni za kusikilizwa, hazimfungi hakimu. Atatazama ushahidi. Chanzo kilikuwa ndani yake, au kuna kitu cha nje kilichomgusa?"

Alilisema neno hilo, kilichomgusa, bila kujua lolote. Binti yangu alinitazama, kisha akatazama chini.

Tuliondoka pamoja. Alinisindikiza mpaka Otonglo, ambako nakaa nyuma ya soko. Mlangoni kwangu alifungua mkoba wake akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake kulikuwa na miwani yangu, kioo kimoja kimepasuka.

"Niliiokota chini ya kitanda chetu, Baba," alisema.

Nilikitazama kile kioo kilichopasuka.

"Polisi walipokuja niliificha. Nilikuficha wewe. Wakili ananiuliza kila siku, mzee alikuwa wapi, na mimi namwambia sijui, nilikuwa jikoni." Alianza kulia, kisha akaacha, akakasirika. "Mimi siwezi kusimama mbele ya watu niseme baba yangu aliingia chumbani kwetu. Siwezi. Nitakufa kwa aibu. Lakini ni mume wangu. Sema wewe."

"Nilisema nilikuwa kitini."

"Najua ulisema nini. Sasa mtu aliyelala anatoka kitandani peke yake, anapita pazia, anamfuata mtu aliyeketi kimya. Hata mimi nisingeamini alikuwa usingizini. Au ningesema ni kichaa." Akaiweka miwani mkononi mwangu, ule mzima. "Chagua, Baba. Mzee wa kanisa au mkwe wako."

Nilimwambia asiseme nami hivyo. Akasema atasema hivyo mpaka kesi iishe.

Nilifunga siku mbili, nikaomba. Sitaki mtu adhani nilipata maono. Nilichopata ni njaa na wazo moja lililokataa kuondoka: nilikuwa nimewaambia vijana hakuna pazia, kisha nikajificha nyuma ya pazia. Siku ya tatu nilikwenda kituoni na miwani yangu.

"Mzee, ulitudanganya?" afisa aliniuliza.

"Nilikudanganya wewe. Andika."

"Unajua kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa?"

"Najua sasa. Andika, kisha unishtaki ukipenda."

Aliandika taarifa ya nyongeza, kurasa mbili, akachukua miwani kama kielelezo. Alipomaliza alitikisa kichwa. "Ora kwa ora," akasema polepole, kwa sauti ya mtu aliyeelewa kila kitu. "Hata mimi ningesema nilikuwa kitini."

Habari zilifika kanisani kabla yangu. Kamati iliniita. Mwenyekiti alikuwa na nakala ya barua mbele yake, na muhuri wa kanisa ulionekana hata kutoka nilipoketi.

"Umeenda kubadilisha maneno," alisema.

"Nimeenda kuyanyoosha."

"Na barua hii? Utasimama mahakamani useme kanisa liliandika uongo?"

"Nitasema niliitia kidole bila kujua ukweli wake. Kanisa halina daktari. Hatuwezi kupima akili ya mtu kwa muhuri."

"Lakini akiitwa mgonjwa wa akili hataitwa mhalifu! Sisi tulitaka kumwokoa!"

"Mngemwokoa akawekwa mahali pasipo na tarehe ya kutoka."

Mzee mmoja alisema labda kweli ana pepo, na kwamba nimruhusu kijana aletwe mbele ya kanisa aombewe hadharani, hakimu akisikia hivyo atalainika. Nilimuuliza, "Kama ni pepo, liliamshwa na nini? Na zamu nne? Basi tumwombee tajiri wake apunguze zamu." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliniambia nikiikana barua kizimbani, nijihesabu nimeondoka kwenye kamati. Niliinuka, nikawaaga kwa heshima mmoja mmoja, kwa mkono wa kushoto.

Nilikuwa shahidi wa kwanza. Niliapa kwa Biblia. Kiongozi wa mashtaka alikuwa ameshasoma taarifa yangu ya nyongeza na hakuipenda. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikasema nilikuwa nyuma ya pazia, nimemwinamia mkwe wangu, nimemshika bega.

Chumba cha mahakama kilitoa sauti, si kubwa, sauti ya watu wengi wakivuta pumzi. Nyuma kulikuwa na wanawake wa Obunga, na wanaume wa ukoo wa mkwe wangu.

Kiongozi wa mashtaka aliomba ruhusa anihoji kama shahidi aliyegeuka dhidi ya upande ulioniita. Hakimu akamruhusu.

"Mzee, siku ya kwanza ulisema uko kitini. Leo uko kitandani. Kesho utakuwa wapi?"

"Kesho nitakuwa Otonglo. Siku ya kwanza niliona aibu. Leo pia naona aibu, lakini nimeapa."

"Unamlinda mkwe wako."

"Nikitaka kumlinda kwa uongo, uongo wa kwanza ungenitosha. Watu wangenihurumia na kamati ingebaki nami."

"Alikuambia maneno. Simama hapo, toka kwa geti. Mtu anayesema maneno yanayoeleweka ana akili zake, sivyo?"

"Maneno yalieleweka. Lakini hapakuwa na geti."

Alinionyesha barua. Nikasema kidole ni changu, maneno si yangu, na sikuwahi kumwona kijana yule na dalili ya wazimu siku moja. Mwenyekiti wa kamati alikuwa ameketi safu ya tatu. Sikumtazama kwa hasira. Nilimtazama tu ili ajue kwamba nilimwona.

Wakili wa utetezi aliuliza maswali machache. Alikuwa amelala muda gani? Kwa maneno ya binti yangu, chini ya saa moja. Nilinusa pombe? Hapana. Nilimtikisa mara ngapi? Mara mbili, ya pili kwa nguvu. Baada ya kunipiga alikimbia? Alilala. Rungu alilificha? Alilirudisha msumarini, mahali lilipo kila siku.

Yule mama wa kanisa alinifuata kizimbani. Nilikuwa sijazungumza naye. Kiongozi wa mashtaka alimuuliza kama aliona nikiingia nyuma ya pazia.

"Niliona."

"Mbona hukuwaambia polisi?"

"Nilimwona Mzee anaingia, nikainamisha macho kwenye kitabu cha nyimbo," akasema. "Mambo mengine mtu akiyaona anainama. Lakini ameshasema mwenyewe. Mimi nani niendelee kuinama?"

Upande wa mashtaka ulipofunga, hakimu aliona kuna kesi ya kujibiwa. Mkwe wangu alijitetea kwa kiapo. Alisema anakumbuka kuvua kofia na kulala, kisha anakumbuka ngumi. Katikati hapakuwa na kitu. Binti yangu alileta nakala ya daftari la zamu. Karani aliyeliandika alikuja kulithibitisha. Zamu nne na mchana mmoja, bila kukatika. Binti yangu alisema pia kwamba mama mkwe wake alimwambia kuwa mumewe aliwahi kutembea usingizini mara mbili au tatu kabla ya kufika umri wa kutahiniwa darasa la nane, na tangu amuoe hajawahi.

Daktari wa akili ndiye aliyekaa muda mrefu. Alieleza kwamba usingizi mzito zaidi huja mwanzoni, na mtu aliyenyimwa usingizi siku nyingi huzama zaidi. Akishtuliwa kwa nguvu akiwa huko chini, mwili unaweza kuamka kabla ya akili. Macho hufunguka, mdomo husema, mikono hufanya iliyozoea kufanya, na asubuhi hakuna kumbukumbu. Mara nyingi anayeumia ni yule aliyemgusa au aliyesimama karibu naye.

"Kwa hiyo ni mgonjwa wa akili," kiongozi wa mashtaka alisema.

"Nilimpima. Sikuona ugonjwa wa akili."

"Alitembea akiwa mtoto. Ametembea sasa. Inaweza kurudi?"

"Watoto wengi hutembea usingizini na hukua wakaacha. Akilala vya kutosha na asishtuliwe namna ile, sitarajii irudi. Hakuna anayeweza kuapa haitarudi."

"Na kama alijua ana tabia hiyo, mbona aliweka rungu karibu na kitanda? Huo si uzembe wake mwenyewe?"

Wakili akainuka, lakini daktari alikuwa ameshajibu kwamba mtu asiyetembea tangu utotoni hawezi kulitarajia jambo hilo, kama wewe usivyotarajia degedege la utotoni.

Hukumu ilisomwa baada ya wiki kadhaa. Hakimu alisoma kwa sauti ile ile ya chini, tukainama mbele ili tumsikie. Alisema kila mtu hudhaniwa kuwa na akili timamu, na upande wa utetezi haukudai wazimu. Ulichofanya ni kuweka msingi wa ushahidi kwamba tendo lilitokea bila utashi, na baada ya hapo ulikuwa mzigo wa mashtaka kuondoa shaka hiyo. Haikuondolewa. Kuhusu barua ya kanisa, alisema huruma si ushahidi wa kitabibu. Kuhusu ugonjwa wa akili, alisema kwa ushahidi wa kesi hii, na kesi hii peke yake, usingizi wa mtu aliyechoshwa na kazi, ulioshtuliwa na mkono wa mtu mwingine, hakuona kuwa ni ugonjwa ulioathiri akili. Aliongeza kwamba mtu asidhani kila atakayedai alikuwa amelala ataaminiwa. Kisha akaniita nisimame.

"Mzee, taarifa yako ya kwanza ilikaribia kumpeleka mtu huyu mahali ambapo mahakama hii isingeweza kumtoa. Ukweli ulikuwa na wewe tangu siku ya kwanza."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Keti."

Akamwachilia huru. Mashtaka yalikuwa na siku kumi na nne za kukata rufaa. Tulizihesabu. Hawakukata.

Kwenye kamati sikurudishwa, na sikuomba. Nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, ambako mkono wangu uliopinda hausumbuliwi na mtu. Mwezi wa kwanza baada ya hukumu, mkwe wangu alikuja kanisani kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Watu waligeuka. Wengine walisogeza watoto. Alisimama mlangoni akitafuta mahali, akaniona, akasita, maana mkwe haketi bega kwa bega na baba wa mke wake, na baada ya yote yaliyotokea ndiyo kabisa. Nikasogea. Nikapiga benchi mara mbili kwa mkono wa kushoto.

"Ora, watu wanatazama," alinong'ona.

"Waache watazame. Kaa."

Akakaa. Katikati ya mahubiri alianza kusinzia. Alikuwa ametoka zamu. Kichwa kilishuka, kikaniegemea begani. Mwenyekiti wa kamati alituona kutoka mbele, akanikazia macho nimuamshe. Nilimkazia na mimi. Mkono wangu wa kushoto niliuweka juu ya goti langu, ukabaki hapo mpaka ibada ilipokwisha na kijana akaamka mwenyewe.

Siku hizi nikienda Obunga nasimama nje, kando ya karai la mgongo wazi, napiga hodi. Binti yangu akiniambia amelala, naketi juu ya ndoo, namsubiri.